Jina la wimbo lisipoimbwa: namna ya kuutafuta

Ninapiga muziki kwenye sherehe, na sehemu kubwa ya maandalizi yangu ni kutafuta nyimbo ambazo wenye shughuli wanazikumbuka kwa mstari mmoja tu. Mara nyingi kazi huwa nyepesi, maana kile mtu anachokiimba kwenye kiitikio ndilo jina lenyewe. Lakini kuna nyimbo ambazo jina lake halitamkwi hata mara moja, tangu ubeti wa kwanza hadi wa mwisho. Hizo ndizo zinazowachosha watu, na zinahitaji kutafutwa kwa njia nyingine kabisa.

Si chache, na nyingine ni maarufu mno. "Bohemian Rhapsody" ya Queen, ya mwaka 1975, haina hata neno moja la jina lake ndani ya mashairi. "Baba O'Riley" ya The Who, ya 1971, wengi wanaijua kama "Teenage Wasteland" kwa sababu hayo ndiyo maneno wanayoyasikia. Jina lake halisi limetokana na watu wawili, Meher Baba na Terry Riley, ambao hawatajwi popote kwenye wimbo. John Denver aliandika "Annie's Song" kwa ajili ya mkewe, Annie, ikatoka 1974, na jina la mama huyo huwezi kulisikia humo hata ukitega sikio vipi.

Sasa angalia kinachotokea unapoandika mstari kwenye kisanduku cha kutafutia cha programu ya muziki. Kila wimbo umehifadhiwa pamoja na taarifa zake: jina la wimbo, jina la msanii, jina la albamu. Maneno uliyoandika yanalinganishwa na taarifa hizo kabla ya kitu kingine chochote. Programu kadhaa siku hizi zinapekua mashairi pia, ila kwa nyimbo ambazo mashairi yake yamewekwa tu, na wimbo ambao jina lake limefanana na ulichoandika kwa kawaida hupandishwa juu ya ule ambao maneno hayo yamo katikati ya ubeti. Kwa hiyo hupati ukurasa mtupu unaokuambia kwamba umekosea njia. Unapata majibu mengi, yenye majina yanayovutia, na yote si wimbo wako. Hapo ndipo watu wanapopotelea.

Nitaeleza mfano mmoja kwa kirefu. Dada mmoja alikuwa akiandaa sherehe ya wazazi wake kutimiza miaka mingi ya ndoa. Akaniambia, "Kaka, baba ameomba ule wimbo wao wa zamani, unaitwa 'Oh My Love'. Nimeutafuta, naupata mwingine." Akaniimbia mwanzo: sauti ya mwanamume, taratibu sana, inapanda mwishoni mpaka juu kabisa. Aliyempata kila akitafuta alikuwa John Lennon, kwa sababu kweli kuna wimbo wa Lennon uitwao "Oh My Love", kwenye albamu yake ya "Imagine" ya 1971. Tena unaanza kwa maneno hayo hayo matatu. Kisha njia zinaachana.

Wimbo wa wazazi wake unaitwa "Unchained Melody". Muziki ni wa Alex North na mashairi ni ya Hy Zaret, na ulitungwa kwa ajili ya filamu ya mwaka 1955 iliyoitwa "Unchained", inayohusu maisha ya gerezani. Jina ni la filamu, ila mashairi yanazungumzia mtu aliye mbali na mpenzi wake, anayeomba amkute bado ni wake. Neno "unchained" halimo, wala "melody". Ukijua historia hiyo unaelewa mara moja kwa nini hakuna mstari wowote ambao ungekufikisha kwenye jina.

Namna ya kuutoa mafichoni ni hii. Acha kabisa kufikiria jina, na uache pia mstari wa kwanza na kiitikio. Najua ndivyo vinavyokumbukwa zaidi, lakini ndivyo pia vinavyofanana na nyimbo nyingine elfu: mpenzi wangu, nakupenda, usiniache. Mwombe anayeukumbuka akuimbie kipande cha katikati, hata kama ni maneno mawili, mradi yawe ya ajabu kidogo. Nilimwuliza yule dada kama kuna kitu kinatajwa zaidi ya mapenzi yenyewe, mahali au kitu cha kuonekana kwa macho. Akafikiri kidogo, akasema, "Kuna mito. Mito ya upweke inakwenda baharini." Hapo kazi ikawa imekwisha. Mapenzi yamo katika kila wimbo, ila mito ya upweke haimo.

Maneno hayo, kwa Kiingereza kama yanavyoimbwa, nayapeleka kwenye injini ya kawaida ya kutafutia mtandaoni, nje ya programu ya muziki, kwa sababu ndiyo inayosoma kurasa nzima za mashairi. Nayafunga ndani ya alama za nukuu ili yatafutwe yakiwa yameshikamana, na kuongeza neno la kuonyesha kwamba nataka mashairi:

```
"lonely rivers flow" lyrics
```

Funga maneno matatu au manne tu. Ukifunga mstari mzima, neno moja ulilosikia vibaya linatosha kukunyima kila kitu. Na kama wimbo fulani usio wako unaendelea kujitokeza, utoe kwa alama ya kuondoa mbele ya kitu kinachoutambulisha, kwa mfano `-lennon`.

Sasa linakuja jambo ambalo nimeliona kwa watu wengi ninaowasaidia, na naliona ndilo kubwa kuliko yote. Jibu sahihi linatokea kwenye skrini, juu kabisa, na mtu analipita. Jicho lake linatafuta jina lenye maneno aliyoyaandika. Akiona "Unchained Melody" anaona haihusiani, anashuka chini. Jina lisilofanana hata kidogo na mstari wako si sababu ya kulikataa jibu. Kwa nyimbo za aina hii ndiyo dalili kwamba huenda umefika. Kama kurasa tatu au nne tofauti zenye mstari wako zinataja jina moja usilolitegemea, fungua moja na usome ubeti mzima. Soma sentensi iliyotangulia na inayofuata. Kama nazo unazikumbuka, umeupata.

Kwa nyimbo za Kiswahili kuna ugumu wa ziada, nao unatokana na maneno yetu kubeba viambishi. Ukifunga "nitakungojea" ndani ya nukuu, hutapata ukurasa ulioandikwa "ntakungoja" wala "nikikungojea", ingawa ni mstari ule ule. Mashairi mengi yameandikwa na mashabiki kwa kusikiliza, kila mmoja na tahajia yake. Kwa hiyo nachagua nomino badala ya kitenzi: jina la mnyama, la chombo, la mahali. Nomino hubadilika kidogo sana. Na kama mashairi hayajaandikwa mahali popote, ambalo ni jambo la kawaida kwa nyimbo za zamani, hakuna alama ya nukuu itakayokuokoa, kwa kuwa hakuna cha kupekuliwa.

Hapo ndipo ninapohamia kwenye sauti, kwa kuwa sauti haijali jina wala mashairi. Lakini tofautisha vitu viwili. Programu iitwayo Shazam inatambua rekodi: inalinganisha alama za sauti za kile kinachopigwa na alama za rekodi zilizomo kwenye hazina yake. Ukiwa na kipande cha rekodi yenyewe, kwenye video ya harusi au kwenye redio, sekunde chache zinatosha. Ukiimba wewe mwenyewe, au bendi ikiupiga moja kwa moja, usitarajie jibu, kwa sababu hiyo si rekodi inayoijua. Google nayo iliongeza mwaka 2020 utafutaji wa kuguna, yaani kuimba bila maneno ukiwa umefumba mdomo: unabonyeza maikrofoni kwenye programu yake, unaomba itafute wimbo, unaguna au kupiga mluzi kwa sekunde kumi hadi kumi na tano. Huo unafuata mwendo wa sauti kupanda na kushuka. Guna sehemu yenye mpando mkubwa, wala usijali maneno. Unakupa orodha ya nyimbo zinazokaribiana, na hapo tena usichague kwa jina, sikiliza.

Ukishalipata jina, bado hujamaliza. "Unchained Melody" imerekodiwa na wasanii wengi mno, na mwaka 1955 peke yake ilitoka kwa waimbaji kadhaa. Mtu anayekumbuka ile sauti inayopanda mwishoni kwa kawaida anaikumbuka ya 1965 ya Righteous Brothers, kundi la waimbaji wawili, ambayo Bobby Hatfield anaiimba peke yake, na iliyorudi kwa nguvu mwaka 1990 kupitia filamu ya "Ghost". Mwaka huo huo wawili hao waliirekodi upya, kwa hiyo kuna mbili zao wenyewe zinazozunguka. Nilimpigia yule dada zote mbili kwenye simu nikamwomba ampelekee mzazi wake aamue. Alichagua ya 1965 bila kusita. Na ukiandika "Unchained" peke yake utakutana na Van Halen wa 1981, gitaa linalonguruma, ambalo si la kuwachezea wazee ndoa yao.

Njia nzuri ya kuhakikisha ni kutazama majina ya watunzi badala ya jina la wimbo. Hazina kama MusicBrainz na SecondHandSongs zinatenganisha utunzi na rekodi zake, kwa hiyo ukifungua utunzi mmoja unaona rekodi zake mbalimbali chini yake. Kama rekodi uliyonayo inataja North na Zaret, ni wimbo ule ule hata kama kifuniko kimeandikwa vingine. Kama inataja watu wengine, ni wimbo mwingine wenye jina lililofanana.

Kitu cha mwisho ninachofanya ni kwenye mafaili yangu. Kila wimbo wa aina hii, kwenye taarifa zake kuna sehemu ya maoni ambayo kwa kawaida huwa tupu. Naandika humo mstari ambao watu huuomba, kwa tahajia mbili tatu kama ni wa Kiswahili. Programu ninayopigia inapekua sehemu hiyo pia, kwa hiyo mtu akija mezani katikati ya shughuli akaomba "ule wa mito ya upweke", naandika "mito" na unajitokeza kabla hajamaliza kuuimba. Jina la wimbo lenyewe silibadilishi, ili nikitaka kuulizia rekodi nyingine ya utunzi huo nisije nikatafuta kwa jina ambalo nimelibuni mwenyewe.