Wachumba, kabla ya matangazo kanisani ongeeni kwanza habari za korosho na wajomba

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe. Ile video ya wachumba tuliyorekodi mimi na mume wangu iko tayari, na kuna kipande cha katikati nimeombwa nikieleze kwa maandishi, kile cha hela na shamba, maana wengi wakifika hapo wanasema "hilo tumeshaelewana" wanapeleka mbele. Sisi tunalea wachumba kanisani kwetu hapa Masasi na tunachokiona ni kwamba habari za idadi ya watoto, za kusali pamoja, za nani atapika, vijana wanaziongea wenyewe usiku wakichati. Ila wengi wanagombana ile Novemba ya kwanza, hela ya korosho ikishaingia.

Kwenye video tunawaomba wasimamishe, kila mtu achukue karatasi yake akae pembeni aandike majibu bila kumuangalia mwenzie, alafu wabadilishane. Yaani msijibu kwa mdomo, kwa mdomo mnaishia kuridhishana tu. Na jibu ambalo halina jina la mtu wala kiasi wala mwezi, mfano "tutasaidiana", "Mungu atafungua njia", hilo rudieni. Yesu mwenyewe kwenye Luka 14:28 anauliza ni nani anayetaka kujenga mnara asiyeketi kwanza na kuhesabu gharama. Kuketi na kuhesabu, ndo hicho tu tunachowaomba.

Kuna kijana tulikaa nae na mchumba wake. Ana mikorosho ya kumpa kama kilo 500 msimu ukienda vizuri, binti anauza vitenge sokoni. Binti kaandika hela ya korosho mwaka wa kwanza ni ya kupaua nyumba, basi. Karatasi ya kijana ilikuwa na mambo mengine kabisa. Tukapiga hesabu pamoja, tukasema tuseme kilo iende 3,000, hiyo ni 1,500,000, ushuru na tozo za chama cha ushirika na usafiri tukakadiria laki mbili, inabaki 1,300,000. Sasa kwenye hiyo kijana alikuwa na ada ya mdogo wake laki tatu, mama yake alishamuahidi laki mbili, palizi na vibarua wa kupuliza dawa msimu unaofuata 250,000 maana salfa hata ukiipata ya ruzuku anayeipuliza anataka hela yake, alafu kulikuwa na deni la laki nne alilopanga kukopa kwa ajili ya ukumbi na suti. Jumla 1,150,000. Inabaki 150,000, na kutoka Desemba mpaka mnada mwingine ufunguliwe Oktoba ni miezi kumi, kwahiyo ni 15,000 kwa mwezi, na bati hata moja halijanunuliwa. Binti alinyamaza muda mrefu. Hakuwa amedanganywa, hakuna aliyewahi kuuliza tu.

Walichofanya: ukumbi ukafutwa, sherehe ikafanyika nyumbani kwa mjomba wa binti, deni likaondoka lote. Kijana akaenda mwenyewe kwa mama yake, KABLA ya ndoa, akamuomba iwe laki moja kwanza. Hapo ikabaki 650,000. Hela ya vitenge wakaiandika kabisa kwamba ndo inalisha nyumba, sio "ya kwake mwanamke ajue mwenyewe", na kupaua wakakusogeza msimu wa pili. Nasisitiza kijana aende mwenyewe kwa mama yake, maana habari hiyo ikipelekwa na mke mpya baada ya ndoa ataonekana ndo kaja kufunga mkono wa mtoto wa watu na lawama hiyo haiishi.

Ila bei ya korosho mnajulia mnadani, kwahiyo usiweke akili yote kwenye kiasi. Andikeni mpangilio, nani analipwa kwanza na nani anasubiri bei ikishuka. Na muulizane wazi kama kuna korosho zimeshauzwa kangomba. Yaani kijana anabanwa na mahari mwezi wa nane, anachukua hela kwa mtu kwa bei ya kutupa, korosho ziko juu ya mti tayari sio zake, na mwenzie anakuja kujua msimu umeanza. Hilo deni ni la kulisema mapema, hata kama linatia aibu.

Sasa swali ambalo kwenye video tumeliweka kubwa: korosho zinauzwa kwa jina la nani? Yule kijana mikorosho aliipanda na kuihudumia mwenyewe ila shamba ni la ukoo wa mama yake, na chamani aliyeandikishwa ni mjomba wake, kwahiyo hela inaingia akaunti ya mjomba kwanza. Mjomba ni mtu mzuri, hajawahi kumdhulumu. Lakini sisi Wamakua, na Wamakonde na Wamwera na Wayao vilevile, kwa mila zetu ukoo unafuata upande wa mama na wapwa ndo warithi. Mume akifariki mke anaweza kukuta mikorosho aliyopalilia miaka kumi inachukuliwa na wapwa wa marehemu, na wale wapwa kwa mila wanajiona wana haki kabisa. Sina maana mila ni mbaya, mimi mwenyewe nimelelewa na mjomba. Nasema muijue kabla.

Hapa tunasoma Ruthu sura ya 4. Boazi anampenda Ruthu, lakini kabla hajamuoa anakwenda langoni pa mji, anaketi na wazee kumi na yule ndugu wa karibu zaidi, wanamaliza habari ya shamba la Elimeleki mbele ya mashahidi, ndugu yule anakataa kwa mdomo wake kwamba asije akauharibu urithi wake mwenyewe. Shamba kwanza, wazee wakisikia, ndo harusi ikafuata. Wala hakuna aliyesema Boazi hana imani au anapenda mali.

Kwahiyo na nyie kaeni na mjomba, mshenga awepo, na mama mzazi awepo. Muulizeni kwa heshima, "Mjomba, hii mikorosho tukiihudumia mimi na mwenzangu, siku moja nisipokuwepo yeye na watoto watasimama wapi?" Akisema ni ya ukoo, sawa, mmejua, basi nguvu zenu na miche mipya pelekeni kwenye eneo mtakaloomba kijijini au kununua, na hilo mnaweza kuliombea hati ya hakimiliki ya kimila kwa majina yenu wote wawili, sheria ya ardhi ya vijiji ya 1999 inaruhusu. Akisema anawaachia, iandikwe ofisi ya kijiji na mashahidi wasaini, alafu jina chamani libadilishwe kabla msimu haujaanza maana msimu ukishaanza kila mtu kabanwa. Akikwepa kujibu msimsukume hapohapo, rudini na mzee mwingine wa ukoo, ila msipande mche hata mmoja pale mpaka ajibu.

Fanyeni haya kabla majina hayajapelekwa kwa mchungaji au padre. Sheria ya ndoa ya 1971 inataka taarifa siku 21 kabla ya kufunga, na mkishaanza kutangazwa kadi za michango zinakuwa zimesambaa, hapo hata ukiona jambo unaogopa kusema. Sisi tunapendekeza miezi mitatu kabla, na zile karatasi mbili mje nazo kwenye mafundisho, tutazisoma pamoja na nyie.