Mgonjwa wa trakeostomi: tundu la shingoni linabadilisha nini, na kwanini mdogo wangu aliongea tena

Juzi kaka mmoja kaniandikia inboksi, baba yake kapata kiharusi, katolewa mrija wa mdomoni akatobolewa shingoni, na anauliza vitu viwili tu: je mzee ataongea tena, na kwanini kila usiku kifua kinakoroma kama kimejaa makohozi mazito. Nimemjibu kwa kifupi ila nimeona niandike hapa maana haya maswali nayapata sana, na mimi siyasemi kwa kusoma tu. Ni nesi, nimefanya kazi wodi ya wagonjwa mahututi miaka mingi, na mdogo wangu wa mwisho aliishi na tundu hilo baada ya ajali ya bodaboda.

Tundu lenyewe linatobolewa kwenye bomba la hewa, chini ya nyuzi za sauti. Mrija mfupi uliopinda unaingizwa pale, kwahiyo hewa inaingia na kutoka bila kupita puani, mdomoni wala kwenye koo la juu. Yote ninayoandika leo yanatokana na hilo moja tu, hewa imekata njia.

Nianze na faida maana ipo. Ukivuta pumzi sio hewa yote inafika kwenye vifuko vya mapafu inapofanya kazi, nyingine inabaki njiani, kwenye pua, koo na mabomba, afu inatoka kama ilivyoingia. Kwa mtu mzima hiyo hewa ya njiani ni kama mililita 150, na karibu nusu yake iko juu ya shingo. Tundu linaondoa hiyo nusu. Mtu mzima wa afya anayevuta mililita 500 hata hashtuki, ila mdogo wangu alikuwa dhaifu, alikuwa anavuta kama mililita 300. Piga hesabu: kwa njia ya kawaida toa 150, zinabaki 150 za kazi, na akipumua mara 28 kwa dakika anapata lita 4 na kidogo. Kwa tundu, ukihesabu na mrija wenyewe, hewa ya njiani inashuka hadi kama 80, zinabaki 220, kwahiyo lita zile zile 4 na kidogo anazipata kwa pumzi 19 tu. Mtu aliyechoka misuli ya kifua, kupumzika pumzi 9 kila dakika ni kitu kikubwa sana.

Ila msidanganywe kwamba akitoka mrija wa mdomoni kwenda wa shingoni ndo anapata faida yote hiyo, hapana, hata ule wa mdomoni ulishapita koo la juu, tofauti yao hapo ni ndogo. Hesabu hii inakuja kuuma siku ya kuziba tundu. Siku hiyo anarudishiwa ile hewa ya njiani yote kwa mpigo, lazima apumue zaidi ili apate kile kile. Ndo maana mgonjwa anayeonekana mzima kabisa anazibwa mrija asubuhi, mchana mabega yanapanda na anapumua harakaharaka. Haimaanishi ameharibika, inamaanisha misuli bado haijawa tayari, fungua, subiri, jaribu tena. Mama yetu aliambiwa siku hiyo kwamba mtoto "amerudi nyuma" akalia korido nzima, na hakuna aliyesimama kumweleza hata sentensi moja. Hilo bado linaniuma.

Sasa tuje kwenye unyevu, hapa ndo watu wanapoteza ndugu zao nyumbani.

Hewa ikifika ndani kabisa ya mapafu inatakiwa iwe na joto la nyuzi 37 na imejaa maji, miligramu 44 kwa kila lita. Kazi kubwa ya kuipasha na kuilowesha inafanywa na pua na koo. Hewa ya chumba chenye eisii, nyuzi 22 na unyevu wa nusu, ina kama miligramu 10 tu. Ukitoboa shingo unaingiza hewa hiyo kavu moja kwa moja, na zile miligramu 34 zilizobaki zinanyonywa kwenye ukuta wa bomba la hewa na makohozi yaliyoko pale. Kwa mtu anayepumua lita 8 kwa dakika, siku nzima hiyo inafika karibu mililita 400 za maji. Kuna vinyweleo vidogo sana ndani ya bomba la hewa vinavyosukuma makohozi juu kama mkanda wa kiwandani, vikikauka vinapunguza mwendo, mwisho vinasimama. Makohozi yanabaki pale pale, yanakuwa mazito, afu yanaganda.

Mdogo wangu alirudishwa nyumbani Singida mwezi wa saba, mnajua ule upepo wa kipupwe, baridi kavu na vumbi. Kwenye wodi ya Dar alikuwa anapewa hewa iliyopitishwa kwenye maji ya moto, nyumbani alitumwa na mrija, mashine ya saksheni ya kunyonya makohozi na karatasi moja. Hakuna aliyetaja unyevu. Nilifika siku chache baadae nikaanza kwa kutoa ule mrija wa ndani, mwembamba unaokaa ndani ya ule mkubwa na unaotolewa kusafishwa, niuangalie kwenye mwanga. Ndani kulikuwa na gamba la kahawia, gumu kama nta, limezunguka ukuta wote, katikati pamebaki kijitundu ambacho penseli haipiti. Na alikuwa anapumua kwa mluzi mwembamba, nyumba nzima wamezoea wanasema ndo sauti yake ya usingizi.

Mluzi sio usingizi jamani. Mluzi, makohozi yaliyoanza kutoka kwa vipande au na damu, ngozi kati ya mbavu inayozama akivuta pumzi, kuhangaika bila sababu, hizo ni dalili mrija unaziba. Weka mkono mbele ya tundu, kama husikii hewa inatoka usisubiri midomo ibadilike rangi, hiyo inakuja mwishoni. Toa mrija wa ndani kwanza, mara nyingi tatizo limekaa humo na anapumua hapo hapo. Bado? Pitisha kathita, ule mpira mwembamba wa saksheni. Isipopita, na lile puto linalozunguka mrija ndani ya bomba la hewa likishatolewa hewa bado hapumui, mrija wote unatoka, na hilo mfundishwe wodini kwa mikono yenu kabla hamjaruhusiwa, msikubali kuondoka bila kufundishwa. Mkae na mrija wa akiba wa namba ile ile na mwingine mdogo wake kwa namba moja. Tundu ambalo halijafika wiki moja hivi halichezewi nyumbani kabisa, njia yake bado inaweza kujifunga.

Kuzuia ni rahisi kuliko yote hayo. Kuna pua bandia, kidude kidogo cha plastiki chenye sponji au karatasi ndani kinachochomekwa kwenye mdomo wa mrija, akitoa pumzi kinashika joto na maji, akivuta kinamrudishia. Kinaongeza hewa ya njiani kidogo, kwa mtu mzima sio shida, kwa mtoto mdogo kuna saizi yake. Kikijaa makohozi kinatolewa kinawekwa kipya, maana nacho kinaziba, na huwezi kukiosha ukakirudisha. Ukikosa, kitambaa cha pamba kisichotoa nyuzi, kimeloweshwa kidogo na maji safi, kinaning'inizwa mbele ya tundu bila kulibana, na kinabadilishwa kikikauka au kikichafuka. Tulimpa pia salaini, yale maji ya chumvi ya hospitali, kwa nebulaiza, mashine inayoyageuza kuwa ukungu wa kuvuta, mara kadhaa kwa siku, na maji ya kutosha kwenye mpira wa tumboni. Kumimina salaini kwenye tundu kila kabla ya saksheni mimi siungi mkono, inamkohoza na kumtisha na haiyeyushi gamba.

Saksheni nayo kathita isizidi nusu ya upana wa mrija, mrija wa milimita 8 kathita namba 12, isizame mbali kupita ncha ya mrija, na isizidi sekunde 10. Wewe ukishika pumzi yako wakati unanyonya utajua muda umeisha. Na jiko la mkaa litoke nje ya chumba chake, hana pua ya kuchuja moshi na hata harufu hasikii vizuri maana hewa haipiti huko, hawezi kukuambia kuna kitu kinaungua.

Haya, kuongea.

Daktari mmoja wa zamu alimwambia mama "huyu kuongea sahau." Nyuzi za sauti za mdogo wangu zilikuwa nzima kabisa! Ziko juu ya tundu, hazijakatwa, zimekosa hewa tu. Aliyetolewa koromeo lote kwa saratani ni habari nyingine, huyo nyuzi hana. Wa trakeostomi kinachomziba ni puto linalozunguka mrija, likiwa limejaa hakuna hewa inayopanda juu. Sio kila anayelihitaji leo atalihitaji wiki ijayo, kwahiyo uliza kila wanapopita raundi: puto bado la nini?

Tulivyofanya sisi, akiwa ameshaachana na mashine na anakohoa mwenyewe, tulinyonya kwanza mate yaliyolala juu ya puto maana yataanguka kifuani, tukalitoa hewa taratibu, nikavaa glavu nikaziba tundu kwa kidole wakati anatoa pumzi. Mara ya kwanza ikatoka hewa tupu. Mrija wake ulikuwa mnene umejaza bomba lote, hewa haina pa kupita pembeni, ukabadilishwa wa namba ndogo. Siku iliyofuata nikaziba tena akasema "maji." Kwa sauti nzito yenye makwaruzo, lakini sauti yake. Mama alikaa chini kwenye sakafu. Maji yenyewe hakupewa mpaka alipopimwa kumeza, tuelewane hapo, kuongea hakumaanishi anameza salama.

Baadae akawekewa valvu ya kuongelea, inafunguka akivuta na kujifunga akitoa, hewa inalazimika kupanda kwenye nyuzi. Uzuri wake anavuta bado kwa tundu, kwahiyo ile hewa ya njiani hairudi, hachoki kama aliyezibwa kabisa. Ila hewa anayotoa haipiti tena kwenye pua bandia, hakuna cha kushika unyevu, kwahiyo haikai siku nzima, hailalwi nayo, na nebulaiza inaendelea. Ukiitoa ukasikia hewa inapuliza kwa nguvu "puu", ujue ilikuwa inajikusanya kifuani haipati njia ya juu, usiirudishe mpaka mrija uangaliwe.

Na hili naomba mlibandike ukutani juu ya kitanda kwa herufi kubwa: PUTO LIKIWA LIMEJAA VALVU HAIWEKWI. Hewa inaingia, haina pa kutokea, mtu anakufa kwa dakika chache mbele yenu. Anayeweka valvu, awe nesi, awe shangazi, abonyeze kwanza kile kipira kidogo cha nje kilichoungana na puto, kikiwa laini kabisa ndo aendelee.

Kaka uliyeniandikia, kwa mzee wa kiharusi kuna swali la kumeza na la fahamu ambayo mimi siwezi kuyajibu nikiwa mbali, na kiharusi chenyewe kinaweza kugusa usemi hata hewa ikipita. Ila kile kifua cha usiku kianze leo: angalia mrija wa ndani kwenye mwanga, uliza kuhusu pua bandia. Afu nitumie namba iliyoandikwa pembeni ya mrija na kama una puto au hauna, nikitoka zamu nakujibu.