Aya ya historiografia: mnaokuja na Maji Maji, someni hapa kwanza

Wadogo zangu, msimu wa rasimu umefika na mimi nimekuwa nikisoma sura zenu za pili tangu wiki iliyopita. Mada ni tofauti, lakini aya ya historiografia ni ileile. Naitoa hapa kwa kuichanganya kutoka kwa wengi, asije mtu akasema nimemlenga yeye:

"Von Götzen (1909) anasema vita vya Maji Maji vilisababishwa na ushirikina. Iliffe (1967) anasema vilikuwa harakati za kitaifa. Ranger (1968) anasema vilikuwa chimbuko la utaifa. Gwassa (1973) anasema vilisababishwa na kilimo cha pamba cha shuruti. Redmond (1975) anasema Wangoni walikuwa na sababu zao. Sunseri (1997) anazungumzia wanawake na nguruwe pori. Hivyo, wanahistoria wametofautiana kuhusu vita hivi."

Anasema, anasema, anasema. Majina yamepangwa foleni kama watu wanaosubiri dirisha la dawa, kila mmoja na karatasi yake, hakuna anayemjua mwenzake. Msimamizi akiandika pembeni "uchambuzi uko wapi?", mnaongeza jina jingine. Sasa twende taratibu.

1. Tafuta swali moja litakalopita kwa wote.

Swali la "sababu za vita" halifai, kwa sababu kila mwandishi ana orodha yake ya sababu, na ukilifuata utarudi kwenye foleni. Mimi hutumia hili: je, hivi vilikuwa vita vimoja? Ukiwauliza wote swali hilo, jambo la ajabu linajitokeza. Von Götzen, gavana aliyeamuru vita vizimwe, alieleza kwamba waganga waliwadanganya watu kwa dawa ya maji, na dawa hiyo ikaeneza uasi mmoja kutoka vilima vya Umatumbi hadi Ungoni. Maelezo hayo yalimfaa. Ni yeye aliyekuwa amesukuma mashamba ya pamba ya jumbe kuanzia 1902, na huko Berlin kulikuwa na wanasiasa waliokuwa wakiuliza kuhusu kodi na kazi za shuruti. Kosa likiwa la waganga, sera inabaki safi. (Kwa hiyo msiandike "mtazamo wa Wajerumani" kana kwamba Wajerumani walikuwa na mdomo mmoja.)

Baada ya uhuru, wanahistoria wa Dar es Salaam wanaipindua hukumu hiyo. Waganga wadanganyifu wanakuwa viongozi, na ushirikina unakuwa itikadi. Lakini tazameni kilichobaki: vita bado ni vimoja, vina chimbuko moja kwa nabii Kinjikitile Ngwale kule Ngarambe, na dawa ni moja. Waligombana na gavana juu ya maana, wakaliacha umbo lake kama lilivyo. Hiyo ndiyo sentensi ambayo mtahini anaitafuta, na haiwezi kuzaliwa kwenye foleni ya majina.

2. Sema kilichomfanya kila mmoja aone alichoona.

Tafsiri haibadiliki kwa sababu miaka imepita. Hubadilika kwa sababu mtu amepata ushahidi mpya, amekwenda sehemu nyingine au amekuja na swali la zama zake. Gwassa alikuwa na simulizi za wazee. Mwaka 1968 mradi wa utafiti wa Chuo Kikuu uliwatuma wanafunzi vijijini kuwahoji waliokumbuka vita, na yeye alijikita Umatumbi na Kilwa, palipoanzia moto wenyewe. Ukikaa pale ukasikiliza habari za miche ya pamba iliyong'olewa Nandete mwezi Julai 1905, kilimo cha shuruti lazima kionekane ndicho moyo wa vita. Redmond alikwenda Ungoni, upande wa Songea. Huko pamba haikuwa na uzito huo, na alichokikuta ni watawala waliokuwa wamepokonywa mamlaka wakitaka kuyarudisha. Vita ni vilevile, ila mkaaji wa Umatumbi na mkaaji wa Songea hawakuviona kwa dirisha moja.

Na zama nazo. Kumbukeni kwamba mwaka 1956 Nyerere aliwataja wapiganaji wa Maji Maji mbele ya Umoja wa Mataifa alipokuwa akidai uhuru. Mwanahistoria wa miaka ya 1960 alifanya kazi hewa hiyo ikiwa imemzunguka. Hilo halimfanyi kuwa mpiga debe. Linaeleza tu kwa nini swali la umoja lilikuwa la kwanza mezani.

3. Msimseme mtu kwa mdomo wa hasimu wake.

Hapa naomba mnivumilie, maana hili liliniumiza mwenyewe. Rudini kwenye aya mbovu, sentensi ya pili: "Iliffe (1967) anasema vilikuwa harakati za kitaifa." Sentensi hiyo niliwahi kuiandika mimi, karibu neno kwa neno, kwenye karatasi ya semina ya uzamili. Sikuwa nimeisoma makala yake. Nilikuwa nimesoma wakosoaji wa miaka ya 1990 wakiwaweka wanahistoria wa Dar kapu moja la "utaifa", na kwa kuwa Iliffe alifundisha Dar, nikamtia kapuni. Aya yangu ilipendeza sana. Ilikuwa na enzi tatu zilizonyooka: ukoloni, utaifa, kisha wakosoaji wakaja na mikoa na jinsia na kubomoa kila kitu.

Mwalimu wa semina hakunigombeza. Alitoa nakala ya makala ile kwenye bahasha yake, akanisogezea, akaniomba niwasomee wenzangu hoja kuu. Nikasoma kwa sauti. Iliffe anasema harakati zilianza kama za wakulima, zikapata itikadi kutoka kwa viongozi wa dini, zikaenea kwa watu wenye tawala na mipangilio mingine ya kijeshi, na mambo yalipokuwa magumu kila jamii ikarudi kwenye mpangilio wake wa zamani. Yaani umoja ulikuwapo, ukabadilika njiani, ukavunjika. Hiyo ni 1967. Nilipofika hapo sauti ilishuka yenyewe. Rafiki yangu mmoja alianza kuangalia dari.

Aibu ya kusomeshwa mbele ya watu hupita. Kilichoniuma zaidi ni nilichogundua usiku ule nilipojaribu kurekebisha. Nilidhani nitabadilisha sentensi moja nilale. Haikuwezekana, kwa sababu aya nzima ilikuwa imesimama juu ya kosa lile. Kama Iliffe alishasema mwaka 1967 kwamba vita viligawanyika kwa jamii, na Redmond akalishika suala la Ungoni mwaka 1975, basi "mapinduzi" yangu ya miaka ya 1990 yalikuwa yamepindua nini? Ilibidi niwasome upya hao wa baadaye na kuwauliza kipya chao hasa ni kipi. Nikakuta kipo, ila si kile nilichokuwa nimekiandika.

Monson (1998) hakusema tu kwamba Nyanda za Juu Kusini zilikuwa tofauti. Aliirudisha saa nyuma hadi 1870, akaonesha kwamba nani aliungana na nani mwaka 1905 kulitokana na mapatano na uhasama wa kabla ya Wajerumani. Ndiyo maana Wahehe wengi walikuwa upande wa serikali, jambo ambalo kapu la "umoja" halina pa kuliweka. Sunseri (1997) aliingia ndani ya kaya za Uzaramo: wanaume wameondoka kwa kazi za ajira, mazao yanaliwa na nguruwe pori, njaa inabisha hodi, na wanawake ndio wanaobaki na mzigo. Kisha mwaka 2000 akapiga hatua ya hatari zaidi, akahoji kama hilo umbo la vita vimoja halikutoka kwenye mafaili ya serikali yenyewe. Mnaona? Nguruwe pori si kichekesho cha kumalizia aya. Ni ushahidi kwamba mahali pa kutafuta chanzo pamehama kutoka kwa nabii na shamba la jumbe hadi kwenye jiko la mtu.

4. Mwaka wa kuchapishwa si bosi wenu.

Mnaruhusiwa kumtaja Gwassa kabla ya Iliffe kama hoja inataka hivyo. Hakikisheni tu maneno kama "alikuwa ameshaonesha" yanamwambia msomaji nani alitangulia.

Hii ndiyo aya ninayowapa wanaonijia. Si msahafu, ikateni mtakavyo:

"Kwa miongo kadhaa waandishi wa Maji Maji walibishana juu ya maana ya vita huku wakikubaliana, bila kusema, juu ya umbo lake: vita vimoja vilivyosambazwa na dawa moja. Umbo hilo lilichorwa na von Götzen (1909), ambaye kwa kuwalaumu waganga aliiepusha sera yake ya pamba na lawama. Gwassa (1973), akitegemea simulizi za wazee wa Umatumbi na Kilwa, aliigeuza dawa hiyo kuwa itikadi ya umoja, na Ranger (1968) aliunganisha upinzani wa aina hiyo na utaifa wa baadaye. Hata hivyo, Iliffe (1967) alikuwa ameshaonesha kwamba umoja huo ulivunjika vita vilipoendelea, na Redmond (1975) alithibitisha kwamba Ungoni watawala walikuwa na malengo yao. Watafiti wa miaka ya 1990 hawakugundua tofauti hizo. Walizitafutia mizizi mipya, Monson (1998) katika miungano ya tangu 1870, Sunseri (1997) katika kaya za Uzaramo, hadi Sunseri (2000) alipohoji kama vita vimoja havikuwa, kwa kiasi fulani, zao la kumbukumbu za dola."

Hesabuni "anasema" zimebaki ngapi.

5. Idadi ya waliokufa nayo ina historia yake.

Takwimu rasmi za Wajerumani zilikuwa 75,000. Gwassa alikadiria kati ya 250,000 na 300,000, wengi wao kwa njaa iliyofuata mashamba na maghala kuchomwa moto. Kila mwaka napata rasimu yenye tarakimu zote mbili kwenye sentensi moja, bila neno, kana kwamba ni bei za maduka mawili. Ukizitaja, sema kila moja inamhesabu nani na hadi lini. Kama aya yako ni ya umbo la vita na hazikusaidii, ziondoe uzipeleke sura ya nne, kwenye njaa, ambako ndiko zina kazi.

Na anayeandika juu ya Ulanga au Liwale, ongeza sentensi moja baada ya aya hiyo, iseme wilaya yako inajibu nini kuhusu vita vimoja au vingi. Usimalize na "wanahistoria wametofautiana". Hilo hata mimi nalijua.