Asilimia 1 Iliyonitoa Jasho

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniandikia: “Kaka, Jumatatu nakutana na wawekezaji, naomba unitazamie slaidi ya soko.” Nikaifungua. Duara kubwa, ndani yake duara la kati, ndani yake kiduara, na chini yake maneno niliyoyajua hata kabla sijayasoma: “Tukipata asilimia 1 tu ya soko hili…” Nikaiacha kompyuta wazi nikaenda kunywa maji. Slaidi ile ilikuwa yangu, rangi tu ndizo zilizobadilika.

Sijawahi kuisimulia hadithi hii yote, kwa sababu inauma. Leo naisimulia. Tarakimu za kampuni yangu nimezizungusha kidogo, lakini uwiano wake ni uleule.

Nilikuwa na programu ya kuwakumbusha wagonjwa wa kliniki za meno siku ya miadi yao. Mgonjwa asipotokea, kiti kinakaa kitupu saa nzima na daktari hawezi kuirudisha saa hiyo akaiuza tena. Shida ilikuwa ya kweli, na tulikuwa na wateja 12 wanaolipa. Nikaingia kikaoni kifua mbele. Slaidi ya soko ilisema dola bilioni 40. Niliipata kwenye muhtasari wa bure wa ripoti moja iliyokuwa inauzwa mtandaoni, iliyopima programu za sekta nzima ya afya duniani. Nikachukua asilimia 1, nikapata dola milioni 400 kwa mwaka, nikajiona mtu mwenye kiasi.

Mezani alikuwepo mama mmoja wa makamo ambaye hadi hapo hakuwa amesema neno. Akauliza, “Kliniki moja inakulipa kiasi gani?” Nikamjibu dola 60 kwa mwezi. Akatoa simu, akafungua kikokotoo, akabonyeza taratibu huku akitaja: milioni 400, gawanya kwa 720. Akanigeuzia kioo cha simu. 555,555.

“Kijana, hizo kliniki laki tano na nusu ziko wapi?”

Mtu mmoja mwisho wa meza akacheka. Kicheko kile nakikumbuka kuliko swali lenyewe. Nilijua kwamba orodha ya kliniki za meno zenye leseni pale tulipokuwa tunauza ilikuwa na majina 6,200 tu. Nilikuwa nayo kwenye kompyuta yangu tangu mwanzo, maana ndiyo tuliyoitumia kuwapigia wateja simu, na sikuwahi kuiweka karibu na slaidi ile.

Ndugu yangu uliyeniandikia, anza na tendo lile la yule mama. Chukua mapato unayodai kuyapata, ugawanye kwa malipo ya mteja mmoja kwa mwaka. Jibu ni idadi ya wateja. Kisha jiulize kama viumbe hao wapo. Ni dakika moja, na ingeniokoa.

Makadirio ya kutoka juu kwenda chini si uongo kwa asili yake. Unaanza na fedha zote zinazotumika katika jambo fulani, halafu unaondoa tabaka baada ya tabaka: nchi usizofika, wateja usiowahudumia, matumizi ambayo bidhaa yako haiyagusi. Kosa langu lilikuwa kutoondoa chochote. Mle bilioni 40 mlikuwa na mifumo ya hospitali kubwa, ya maabara, ya bima, vitu ambavyo programu yangu haikuwa na uhusiano navyo. Asilimia 1 nayo haikutoka popote. Huwa tunaichagua kwa sababu inasikika ya unyenyekevu, na mwekezaji ameshaisikia mara nyingi kiasi kwamba anaisoma kama saini ya mtu ambaye hajahesabu.

Nikarudi ofisini, nikakaa siku mbili bila kusema na mtu. Siku ya tatu nikaanza upya, safari hii kutoka chini kwenda juu.

Nilianza na ile orodha ya 6,200. Orodha ya leseni si orodha ya wateja: humo kuna waliofunga, waliohama, na walioandikwa mara mbili. Sikuweza kuwapigia wote, nikaamua kupiga 100 na kupima humo. Hapo nikakosea tena. Nilipiga 100 za mwanzo, na orodha ilikuwa imepangwa kwa tarehe ya leseni, kwa hiyo nilikuwa nawapigia madaktari wakongwe kuliko wote. Zaidi ya nusu walikuwa wamestaafu. Nikagundua pale mzee mmoja aliponiambia kwa upole kwamba kliniki yake sasa ni chumba cha wajukuu. Nikatupa kazi ya siku tatu, nikazipa kliniki namba, nikaliacha jedwali la kompyuta linichagulie kwa bahati nasibu:

```
=RANDBETWEEN(1,6200)
```

Kati ya 100 hizo, 78 zilikuwa wazi. Kati ya 78, kliniki 40 zilikuwa na viti viwili au zaidi na mtu wa mapokezi. Tofauti hiyo ilikuwa muhimu kwetu, kwa sababu wateja wetu wote 12 walikuwa wa aina hiyo. Daktari wa kiti kimoja huwapigia wagonjwa mwenyewe jioni, haoni sababu ya kulipa. Na kati ya 40, kliniki 9 zilikuwa matawi ya makampuni makubwa yenye mfumo wao tayari, ambako mtu wa tawi hana ruhusa ya kununua hata kalamu. Zikabaki 31.

Thelathini na moja katika mia, ukiirudisha kwenye 6,200, ni kliniki 1,922. Sampuli ya 100 ina utata wake: ukweli ungeweza kuwa karibu 22 au karibu 41 katika kila mia, na hilo niliandika waziwazi kwenye slaidi. Ila hata ukichukua ile ya juu kabisa, ni kliniki 2,500 na kidogo.

Kisha bei. Kwenye tovuti tulitangaza dola 60. Nikafungua ankara badala ya tovuti. Kwa sababu ya mapunguzo niliyokuwa nayatoa ovyo ili watu wasaini, wastani uliokuwa unaingia benki ni dola 47 kwa mwezi, yaani 564 kwa mwaka. Tumia hiyo inayoingia. Bei ya tovuti ni matumaini.

Kliniki 1,922 mara dola 564: dola milioni 1.08 kwa mwaka. Hilo ndilo soko langu lote, endapo kila kliniki inayofaa, bila kuacha hata moja, ingekuwa mteja wangu. Wiki chache kabla ya hapo nilikuwa nimesimama mbele ya watu nikidai milioni 400.

Sitaficha, nililia. Halafu nikafanya jambo ambalo naona wengi hawalifanyi: nikarudi juu tena, safari hii na uzio uleule wa kliniki za meno za eneo letu. Makadirio mawili hayana maana ya kulinganishwa kama moja linapima kliniki za meno za eneo lako na jingine linapima afya ya dunia. Nilichukua jumla ya mapato ya kliniki za meno za eneo letu kutoka takwimu rasmi, dola milioni 480. Nikawauliza wateja wangu wanatumia sehemu gani ya mapato kwa programu za kila aina, uhasibu ukiwemo. Ilikuwa kama nusu ya asilimia 1. Hiyo inatoa dola milioni 2.4 kwa programu zote.

Angalia sasa mambo haya mawili yanavyosemezana. Kutoka chini, soko langu ni milioni 1.08. Kutoka juu, fedha zote za programu ni milioni 2.4. Maana yake, ili nilijaze soko langu, ukumbusho wa miadi peke yake ungemeza asilimia 45 ya kila senti inayotumika kwa programu. Hakuna daktari atakayekubali hilo. Hesabu ya chini ilinipa dari, ya juu ikaniambia dari lenyewe halifikiki. Zikipishana kidogo, tafuta ni dhana ipi iliyolegea. Zikipishana mara mia tatu na zaidi kama zangu za mwanzo, hujapima kitu kimoja.

Kile kiduara cha ndani, ambacho kwenye slaidi huandikwa SOM, yaani sehemu ya soko unayoweza kuipata kweli, nacho usikipate kwa asilimia. Kipate kwa miguu ya wauzaji. Sisi tulikuwa na wauzaji wawili, kila mmoja akionyesha programu kwa kliniki 20 kwa mwezi, na moja katika nane ikanunua. Hiyo ni kliniki 5 mpya kwa mwezi. Wakati huohuo wateja 2 katika kila 100 walikuwa wanajitoa kila mwezi. Ukiiendesha hesabu hiyo tangu sifuri kwa miaka mitatu unapata kama kliniki 130, si 180 kama kuzidisha kwa haraka kunavyodai.

Kuna mahali makadirio ya kutoka juu hukosea upande wa pili, yakapunguza. Mwaka 2014 Aswath Damodaran, profesa wa fedha, aliikadiria Uber kuwa na thamani ya karibu dola bilioni 5.9, akianzia kwenye soko la teksi duniani alilolipima dola bilioni 100. Wawekezaji walikuwa wametoka kuipa bilioni 17. Bill Gurley, ambaye kampuni yake ilikuwa imewekeza Uber, akamjibu kwamba kosa ni kupima kwa teksi za zamani, kwa sababu huduma ikiwa rahisi zaidi, watu ambao hawakuwa wanapanda teksi wataanza. Hoja nzuri, na kila mwanzilishi anaipenda. Lakini usiikimbilie kabla hujaonyesha mteja mmoja aliyefanya jambo ambalo hakuwa analifanya kabla yako. Mimi sikuwa naye.

Nilichofanya ni kubadilisha uzio kwa kazi badala ya kwa maneno. Nilizipigia kliniki za macho na za mazoezi ya viungo, sampuli ya 100 kila aina, kwa utaratibu uleule. Za mazoezi ya viungo zilinishangaza: mgonjwa mmoja ana miadi kumi au zaidi mfululizo, na kukosa miadi kunawauma kuliko madaktari wa meno. Walikubali bei kamili, bila punguzo. Slaidi yangu mpya haikuwa na duara hata moja. Ilikuwa jedwali la safu tatu, kila tarakimu ikiwa na pale ilipotoka.

Nikaomba kikao tena na yule mama. Alipofika kwenye slaidi ile akatoa simu, akagawanya, akatazama idadi, akatazama jedwali langu, akairudisha simu mkobani. Hakuwekeza. Alisema hesabu ni safi lakini soko ni dogo kwa mfuko unaotakiwa kurudisha fedha za kampuni kumi zitakazokufa, na akanielekeza kwa mkopeshaji anayelipwa kutokana na mapato ya mwezi. Tulichukua mkopo huo, na mwezi uliopita tumelipa awamu ya mwisho. Yule aliyecheka mwisho wa meza, safari hii hakuwepo, na nilisikitika kidogo.

Wewe una mpaka Jumatatu. Nitumie orodha yako ya majina na ankara za miezi mitatu. Ile slaidi ya maduara sihitaji kuiona tena.