Maswali na majibu: ubeti wa maneno kumi

Nikishika kalamu kichwa kinakuwa cheupe kabisa. Nifanyeje?

Hili swali linakuja kila wiki na jibu langu ni lilelile, kwa hiyo safari hii nalijibu kwa urefu ili tusirudie tena. Hujakosa cha kusema, shida ni kwamba kila kitu kinaruhusiwa. Mbele yako una Kiswahili chote, utaanzia wapi? Punguza. Andika maneno kumi pembeni ya karatasi, alafu tunga ubeti mmoja kwa hayo tu. Basi, ukikaa hapo huulizi tena "niandike nini", unauliza "hili neno litakaa wapi", na swali la pili linajibika.

Maneno yenyewe usiyaokote ovyo. Mimi nachukua vitu vitano sita vya sehemu moja, vya kushikika au kuonekana kwa macho, alafu vitenzi vinne hivi vinavyofanyika hapohapo. Kama unataka vina, angalia miisho kabla hujafunga orodha, yaani kundi moja liishie silabi moja na kundi lingine silabi nyingine. Nilichukua uwanja wa nyuma siku ya kufua: mama, nguo, kamba, jua, mvua, shuka, fua, anika, anua, kauka. Tazama, jua, mvua, fua na anua wanakwenda pamoja, hao ni wa katikati, na anika, kauka na shuka ni wa mwisho. Ukifanya hivo nusu ya kazi imeisha kabla hujaandika hata mshororo. Ubeti ukatoka hivi:

Mama nguo amefua, kambani akaanika,
Zikaanikwa kwa jua, nguo hazijakauka,
Juani ikawa mvua, na kambani ikashuka,
Mama shuka kaanua, na mama hajakauka.

Hesabu mwenyewe, nane kwa nane kila mshororo. Lakini mizani siyo ninachotaka ukione. Mshororo wa tatu mkono ulikuwa unakwenda kuandika "ikanyesha", kila mtu angeandika hivo, ila nyesha haimo kwenye kumi. Ikabidi niangalie mvua inafanya nini hasa pale uwani, na inachofanya ni kuteleza kwenye kamba, na shuka nilikuwa nalo, nimelichagua kama kitambaa likanifaa kama kitenzi. Mshororo wa mwisho vilevile. Nilihitaji kusema mama amelowa, na lowa sina. Nikabaki na kauka tu, nikaikanusha, na ghafla mama akawa sawa na zile nguo za mshororo wa pili. Ningekuwa huru ningeandika "mama akalowa" nikaenda kulala na ubeti usingekuwa na kitu. Kauka imejirudia kwenye kina, najua, wakali wa vina wataniambia ni udhaifu, ila kwanza inasemwa juu ya nguo alafu juu ya mtu, kwa hiyo naitetea.

"Na", "ya", "kwa" zinahesabika? Na kitenzi kikibadilika je?

Hesabu mizizi. Fua, amefua, fulia, fuliwa, vyote neno moja, kauka na kausha pia neno moja. Viunganishi vidogo kama na, ya, za, kwa ni bure, ni na si bure, kuwa bure, viambishi vya nafsi na wakati bure, na ile -ni ya mahali bure pia. Ndo maana nasisitiza vitenzi, kwa sababu kitenzi kimoja kwetu kinazaa watoto wengi: anika, anikwa, anikia, anikiana. Mtu mwenye vitenzi vinne ana mkoba mkubwa kuliko anavyodhani.

Ambavyo siyo bure ni sana, kabisa, hata, tena, jamani. Hivi ndo vinavyoingizwa kujaza mizani ikipungua mbili tatu, na vimeharibu mashairi mengi mazuri yanayotumwa kwangu. Ukivitaka viweke kwenye kumi, uone kama utakubali kuvilipia.

Maneno yangu ni upendo, maisha, moyo, ndoto, amani, machozi, tumaini, furaha, huzuni na roho. Nimekaa saa nzima hakuna kitu.

Na hakitatoka. Huna kitenzi hata kimoja, dada yangu, nani atafanya nini hapo? Utaishia kuandika "maisha ni ndoto, upendo ni amani" kwa sababu "ni" ndiyo kitenzi pekee ulichobakiwa nacho, na sentensi za "hiki ni kile" hazisogezi kitu. Katika yote kumi machozi peke yake ndo yanaonekana. Nimesema na nitaendelea kusema, huzuni usiitaje, weka kitu ambacho mwenye huzuni anakishika. Bakiza machozi, toa tisa zilizobaki, chukua vitu vya chumba ulichokuwemo siku hiyo ilipokuuma, sufuria, mlango, simu, chochote, na uongeze fungua, funga, pika, mimina. Huzuni itaingia yenyewe bila kuitwa.

Nikikwama katikati naruhusiwa kubadilisha neno moja?

Hapana.

Naomba unipe maneno kumi nianze.

Inua macho hapo ulipokaa. Nikikupa yangu utaandika uwanja wangu wakati wako una vitu ambavyo mimi sivijui.

Hivi hii si michezo ya Wazungu tu? Mashairi yetu yanatoka moyoni.

Kuna kundi la Ufaransa linaitwa Oulipo, lilianzishwa 1960 na Raymond Queneau na François Le Lionnais, wao waliifanya kuwa kazi kabisa, na mmoja wao, Georges Perec, akatoa riwaya nzima 1969 bila herufi e hata moja. Sawa. Lakini wewe unayeandika tarbia ya mizani kumi na sita, vina vya kati na vya mwisho, unadhani hicho ni nini? Pindu inakulazimisha uanze ubeti na maneno yaliyomaliza ubeti uliotangulia. Kikwamba inakushika kwa neno moja mwanzoni mwa kila ubeti. Watu wa pwani walijifunga hivi miaka mingi sana kabla ya hilo kundi kuzaliwa na mioyo yao ilisikika vizuri tu. Anayeniambia sheria inaua hisia huwa namuomba anitumie kazi yake isiyo na sheria, na mara nyingi nakuta vina vilevile vya mapenzi tulivyovisoma jana.

Lazima niweke na vina na mizani juu ya hayo kumi?

Kama unaanza, acha. Kizuizi kimoja kwa wakati. Tunga kwanza mistari minne yenye maana kwa maneno kumi, vina vije ukizoea.

Naweza kuandika beti ngapi kwa orodha moja?

Mbili zinatoka vizuri. Ya tatu utaanza kujirudia, na dalili yake ni kwamba unabadilisha wakati tu, amefua inakuwa atafua alafu alifua, wakati jambo jipya halijatokea. Ukiona hivo funga, chukua orodha mpya, au baki na vitenzi ubadilishe vitu.

Nikimaliza niposti hivohivo?

Subiri kesho yake. Mpe mtu asome bila kumwambia sheria, alafu muulize ni neno gani limemkwaza. Akinyoosha kidole palepale ulipolazimisha neno ili mradi liingie, ubeti bado. Hapo ndo una ruhusa ya kuvunja sheria na kuleta neno la kumi na moja, kwa sababu sasa karatasi haiko tupu na unajua unachosema. Na usiandike juu yake "nimetumia maneno kumi tu", msomaji ataanza kuhesabu badala ya kusoma.