Barua kwa mwanangu: shairi kwanza au biti kwanza

"Mama, jana harusini tumebishana sana. Mimi nasema taarab na bongo fleva siku hizi ni kitu kimoja tu, zote kinanda na kompyuta. We uliyeimba zamani hebu niambie, taarab ilianzia wapi, vyombo vyake hasa ni vipi, na tofauti iko wapi?"

Mwanangu, salamu toka Ujiji, sisi wazima, mvua tu imetushika toka juzi na dagaa hawakauki. Meseji yako nimeisoma mara mbili afu nikacheka, maana hiyo harusi uliyokwenda nina hakika walipiga modern taarab, na hapo ndo wengi mnapochanganyikiwa.

Taarab yenyewe ni ya Unguja. Inasimuliwa kuwa Sultani Barghash, yule aliyetawala kuanzia 1870 mpaka 1888, alipenda muziki wa Misri akaleta wapigaji wa huko jumbani kwake, afu akamtuma kijana mmoja, Mohamed Ibrahim, aende Misri akajifunze kupiga kanuni. Jina lenyewe limetoka kwenye Kiarabu, ni ile hali ya muziki kukuingia mpaka unatikisa kichwa bila kujua. Mwaka 1905 wakaanzisha Ikhwani Safaa, kikundi ambacho mpaka leo kipo. Ila wakati huo nyimbo ni Kiarabu tupu, na wasikilizaji ni wakubwa wakubwa. Aliyeishusha mtaani ni Siti binti Saad, mwanamke wa Fumba aliyekuwa akiuza vyungu, yeye akaimba Kiswahili, mambo ya watu wa kawaida wa mtaa wa Ng'ambo pale pale mjini Unguja, na 1928 akapelekwa Bombay kurekodi santuri. Ndo zikatawanyika pwani nzima, na huku kwetu mwisho wa reli zikafika pia, maana Ujiji wana harusi zao za Kiswahili toka enzi.

Sasa vyombo. Mkubwa wao ni kanuni, ule ubao bapa wa pembe nne, upande mmoja umekatwa mshazari, unalazwa mapajani au mezani. Una nyuzi karibu 78, zimepangwa tatu tatu, yaani kila sauti moja ina nyuzi tatu, na mpigaji anavaa pete kwenye vidole vya shahada, kila pete imebana kijiti cha kudonolea. Kuna udi, ule wa tumbo kama papai lililokatwa katikati, nyuzi 11, shingo yake haina vyuma vya kugawa sauti kama gitaa. Halafu fidla, nyingi zikipatikana, nai ambayo ni filimbi, kodiani, besi kubwa ya kusimama, na chini yake ngoma ya dumbak na tari ya rika zinashika mdundo. Hapa kwetu kanuni hatukuwahi kuwa nayo mimi nikiwa mwitikiaji, tulikuwa na fidla moja, kodiani na ngoma basi, na harusi zilijaa.

Nikwambie kitu kimoja ambacho wengi hawakijui. Kwenye kinanda, kati ya kibonye cheupe na cheusi kinachofuata hakuna kitu, ndo mwisho. Lakini nyimbo nyingi za Kiarabu zina sauti inayokaa pale pale katikati, kwa mfano mahadhi ya rasti, ile sauti ya tatu siyo ya juu wala ya chini. Mwenye udi au fidla anasogeza kidole kidogo anaipata, na wa kanuni ana vijichuma vidogo upande wa kushoto anaviinua au kuvilaza uzi ukapanda au kushuka kidogo. Kodiani ya kawaida haiwezi. Nakumbuka harusi moja Mwanga hapa Kigoma tulikuwa na mpiga kinanda mgeni, tukaanza wimbo wa rasti, mie nashuka kwenye ile sauti na yeye anabonyeza ya jirani, ikawa kama mtu na mkwewe wanagombana, tukakatisha tukasingizia umeme. Kuna vinanda vinavyoweza kupangwa vitoe hiyo sauti, ila lazima mpigaji ajue.

Kwa hiyo ukibishana tena usiangalie kinanda, uliza kipi kimetangulia. Taarab shairi ndo linazaliwa kwanza, lipo kwenye karatasi limekamilika na vina na mizani, mara nyingi mtunzi siye mwimbaji, halafu ndo mtu anakaa na udi wake analitafutia sauti. Nikutungie ubeti hapa hapa:

Nalilima peke yangu, shamba lile la mtoni
Nikalinda kwa uchungu, ndege wasitue chini
Leo avuna mwenzangu, alokaa kivulini

Hesabu, kila kipande mizani nane, katikati vina ngu, mwisho ni. Hakuna jina la mtu, hakuna mume wala mke mwenza, ni mpunga tu na ndege. Vyombo vinaanza vyenyewe bila mwimbaji, wimbo ukiwa wa kizamani unasikia bashrafu kabisa, ule muziki wa kufungulia wa vyombo vitupu, ndo mwimbaji anaingia, na kila akipumzika fidla zinamjibu kwa sauti ile ile aliyoimba. Ule mstari wa tatu anaurudia, na hapo ndo unaona mama mmoja anainuka taratibu, noti mkononi, anapita mbele ya meza fulani kwa makusudi kabla hajaenda kumtunza mwimbaji. Ukumbi mzima unajua, ila aliyekusudiwa hana cha kushtaki, mpunga huo.

Bongo fleva imezaliwa Dar miaka ya tisini, Bongo si ndo Dar yenyewe, vijana walikuwa wanasikiliza rap za Marekani wakaanza kuzitia Kiswahili, redio binafsi zikaja, studio kama Bongo Records ya P-Funk Majani zikaipa sura yake. Pale biti inatangulia. Prodyuza anatengeneza mdundo kwenye kompyuta, unazunguka vile vile mwanzo mpaka mwisho, msanii anaingia studio anausikiliza ndo anatafuta maneno ya kukaa juu yake, hata jina la prodyuza linasikika mwanzoni kabla ya yeye kufungua mdomo. Vina vipo ila mizani hakuna anayehesabu, na wimbo unabebwa na koras. Mie siidharau, Ali Kiba na Diamond asili yao ni huku huku kwetu Kigoma, na wana sauti.

Modern taarab ndo imekaa katikati. Kuanzia miaka ya tisini, makundi kama East African Melody, baadaye Jahazi ya Mzee Yusuf, wakaweka kinanda mahali pa fidla zote, mdundo ukaongezwa kasi watu wacheze, na mafumbo yakawa mipasho ya kumrusha mtu roho waziwazi. Mie naona fumbo limepungua utamu. Lakini shairi bado lina beti na kina, bado mtu anainuka kutunza, ndo maana naiita taarab hata kama fidla hakuna.

Mdogo wako amenikuta naandika huu ubeti, akauchukua kwenye simu akautafutia biti. Mistari miwili ya kwanza kaikata, kasema mirefu, kachukua "leo avuna mwenzangu" karudia mara nane ndo koras, na kabla hajaimba kataja jina lake na la mwenye biti. Nikamuuliza sasa nani atajua kimevunwa nini, akaniambia mama, watacheza tu.