Shangazi, mke wangu anasema fundi ana wivu

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni dereva teksi hapa Mwanza, kijiwe chetu kipo upande wa Nyegezi. Miaka sita nimepeleka hesabu kwa tajiri, na sasa nimejikusanyia milioni 7 ninunue gari langu. Baba mdogo wa mke wangu ana IST aliyoinunua mwaka jana. Anaiuza milioni 6 na nusu, wakati wenzangu wamenunua za namna hiyo kwa milioni 10 na zaidi. Nikatanguliza laki 5. Kabla sijamalizia nikamwita rafiki yangu, fundi wa gereji moja Mabatini. Alikaa ndani ya gari karibu saa nzima, akainua kapeti, akavuta mikanda, akafungua na kufunga swichi, kisha akaniita pembeni: "Kaka, hili limelala majini. Usinunue." Baba mdogo anasema unyevu ni wa kiyoyozi na harufu ni ya dagaa aliowahi kubeba. Mke wangu anasema fundi ana wivu, au kuna dalali anamtuma. Wiki ya pili hatusemeshani. Nimwamini nani? Na laki 5 yangu naidaije kwa mkwe?*

*Dereva wa Nyegezi*

Marahaba, mwanangu. Kwa sasa usimwamini yeyote, ila usilipe hata shilingi nyingine. Mkeo hakuwepo kapeti lilipoinuliwa. Amesikia maneno ya watu wawili tu, na mmoja wao ni baba yake. Ungekuwa wewe, na muuzaji ni baba yako mdogo, ungesema hayohayo. Kwa hiyo rudini garini wawili, mchana, na yeye ashike kwa mkono wake kila nitakachokueleza.

Nalisema hili kwa uchungu. Marehemu mume wangu alikuwa dereva kama wewe, na akiba yetu yote tuliimalizia kwenye gari lililokuwa limelala majini. Miezi mitatu ya kwanza lilitembea vizuri mno. Usiku mmoja, akipanda kilima cha Bugando na mama mwenye uchungu wa kujifungua kiti cha nyuma, taa zote zikafa na injini ikazima palepale. Yule mama alimalizia njia kwenye gari la mtu mwingine. Gari letu halikurudi tena kuwa gari la kutegemea.

Tuanze na maneno ya Baba mdogo, maana yanaweza kuwa kweli. Kiyoyozi hutengeneza maji kinapofanya kazi, na maji hayo hutoka chini ya gari kwa bomba jembamba. Bomba likiziba, maji humwagika ndani. Lakini humwagika mahali pake: miguuni kwa abiria wa mbele, kushoto, kwa sababu kile kifaa kinachopoza hewa kimekaa nyuma ya kidroo cha dashibodi upande huo. Basi mkeo apitishe mkono chini ya kapeti kwenye pembe zote nne. Unyevu ukiwa kushoto mbele peke yake, mzee wa watu anasema kweli, na ni kazi ya kuzibua bomba. Ukiwapo pia nyuma ya kiti cha dereva, kiyoyozi hakihusiki.

Harufu nayo ina namna yake. Dagaa hunuka kwenye buti na kwenye kitambaa cha viti, na kila mtu wa Mwanza anaijua harufu ile. Gari lililozama hunuka kama shuka lililokunjwa bichi. Lifungeni vioo vyote juani nusu saa, kisha mwingie, mfungue swichi na kuwasha feni kabla ya kushusha vioo. Kama kuna kimanukato kinaning'inia kwenye kioo, kitoeni kwanza.

Sasa mikanda. Hapa ndipo rafiki yako alipofanya kazi ya mtu anayeijua. Mkanda wa dereva hujizungusha kwenye kiguruduma kilichofichwa chini ya nguzo, karibu na sakafu. Maji yakifika usawa wa kiti, kile kiguruduma kimeshazama. Anayeosha gari ili aliuze husugua viti, hupiga dashibodi dawa ya kung'arisha, lakini mkanda huuosha kile kipande kinachoonekana tu. Uvute taratibu mpaka ugome kabisa. Kwenye sehemu ya mwisho, ile isiyotoka hata ukimfunga mtu mnene, utakuta mstari wa rangi ya tope, au vumbi laini lililoganda kwenye mishono, au ugumu kama kitambaa kilichokauka na wanga. Fanyeni hivyo kwenye mikanda yote.

Mkiwa hapohapo chini, tazameni bolti zinazoshika viti sakafuni. Kiti cha gari huweza kukaa miaka 15 bila kufunguliwa. Kufungua viti vyote kuna sababu chache, na kubwa ni kutoa kapeti likakaushwe. Vichwa vya bolti vikiwa na mikwaruzo mipya ya spana, au chuma cha chini ya viti kikiwa na kutu nyekundu huku sehemu nyingine za ndani zikiwa safi, kuna mtu amepita pale. Kutu peke yake isikupe hukumu, maana abiria wa Kirumba wanaotoka mwaloni huingia na viatu vibichi kila siku. Kutu pamoja na tope ndani ya mikanda ni jambo jingine.

Halafu ile swichi aliyofungua na kufunga. Alikuwa anahesabu taa za dashibodi, na hili utaliweza bila fundi. Fungua swichi bila kuwasha injini. Taa nyekundu ya eabegi inapaswa kuwaka, ikae kama sekunde sita, izime yenyewe huku injini bado kimya. Taa ya oili na ya betri zitaendelea kuwaka mpaka uwashe injini. Kompyuta ya eabegi, kwenye magari mengi, imefungwa sakafuni katikati, chini ya redio, kwa hiyo maji yakiingia huwa miongoni mwa vitu vya kwanza kuharibika, na taa ile huwaka isizime. Muuzaji mwenye haraka hufanya moja ya mawili: huitoa taa isiwake kabisa, au huiunganisha na taa ya oili ili zizime pamoja injini inapowaka, mnunuzi aone mambo ni sawa. Kwa hiyo ukifungua swichi na taa ya eabegi isionekane, au ikangoja injini iwake ndipo izime na mwenzake, imechezewa. Mwulize rafiki yako aliona ipi. Uharibifu wenyewe unaweza kuwa bahati mbaya. Taa iliyounganishwa ni kazi ya mkono wa mtu.

Najua kijiweni watakwambia maji ya ziwa si ya chumvi, hayali chuma. Ni kweli kwamba maji ya bahari hula haraka zaidi. Lakini gari halizami kwenye maji safi ya katikati ya ziwa. Huzama Mto Mirongo unapofurika na kuingia mitaani, au kwenye ua wa nyumba ya ufukweni mvua inapokuwa kubwa, na maji yale yana tope na uchafu wote wa mji. Yakikauka, tope hubaki ndani ya soketi za waya na kuendelea kunyonya unyevu. Shaba hushika kutu ya kijani, kidogo kidogo, na ndiyo maana gari hutembea vizuri miezi kadhaa kisha kuanza visa: leo kioo hakishuki, kesho haliwaki asubuhi, wiki ijayo linazima barabarani. Fundi umeme atabadilisha soketi moja, na iliyo jirani itafuata. Mwenye gari la kwendea kanisani anaweza kuvumilia. Wewe siku gari likiwa gereji hujaingiza kitu, na tajiri wa kukupa jingine hutakuwa naye tena.

Kwa hiyo, alama zote zikikubaliana, usiseme utapunguziwa bei. Hata kwa milioni 4 utakuwa umenunua kazi ya mafundi.

Oili mtazame, ila isiwapoteze. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa kwenye kijiti cha kupimia, maji yameingia kwenye injini. Ikiwa nyeupe kidogo chini ya mfuniko tu, huenda ni jasho la gari linaloendeshwa safari fupi. Na ikiwa safi kabisa, haithibitishi lolote, kwa sababu oili ni kitu cha kwanza kubadilishwa.

Mkimaliza, mlete fundi umeme ambaye wewe, mkeo na rafiki yako hamumjui. Mlipe mbele ya mkeo na msimwambie mwenzake alisema nini. Atakalolisema halitakuwa na wivu ndani yake.

Sasa laki 5. Usiende kuidai mwenyewe, wala usimtume mkeo kumwambia baba yake kwamba kasema uongo. Aliyewaozesha yupo? Mtafute mshenga wenu. Baba mdogo amekuwa na gari hili mwaka mmoja tu, na inawezekana kabisa kwamba naye aliuziwa likiwa limeshaoshwa na taa imeshaunganishwa. Mshenga aanzie hapo: "Mzee, watoto wamekuta gari lina dalili za maji, tunaogopa na wewe ulidhulumiwa. Ulinunua kwa nani?" Maneno hayo yanamwachia heshima yake. Akiwa hakujua, atataka kuonyeshwa mikanda. Akiwa alijua, atarudisha fedha bila maneno mengi. Akisema ameshaitumia, mkubaliane airudishe kwa mafungu, iandikwe, mshenga aweke sahihi. Laki 5 inauma, lakini hata ikichelewa mwaka mzima isikufanye umalizie zile milioni 6.

Mshenga amwambie jambo moja zaidi, kwa upole: atakayemuuzia baadaye aambiwe ukweli wa gari. Abiria wa huyo mtu ni watu wetu pia.

Kwa mkeo usianze na "si nilikwambia". Mwombe tu aende na wewe, akae kiti cha nyuma, avute mkanda mpaka mwisho. Na yule kijana wa Mabatini, aliyepoteza karibu saa nzima akijua atachukiwa ukweni kwako, ulimlipa? Hukuandika. Kama hukumlipa, mpelekee fedha yake ya ukaguzi wiki hii.